Homa, vidonda mdomoni na malengelenge viganjani: mwanangu anaumwa nini?

*"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi kumi, kilo 12 kwenye kadi ya kliniki. Juzi alianza homa, jana akawa anatokwa udenda na hataki kula, leo nimeona vidonda kwenye ulimi na malengelenge kwenye viganja na nyayo. Chanjo zote amepata. Duka la dawa wamenipa amoksilini na dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni. Jirani anasema ni surua, dada yangu anasema Mpox, bibi yake anataka akakatwe kilimi. Dei-kea wamesema wenzake wawili wako hivyohivyo. Nami nina ujauzito wa miezi mitano. Ni ugonjwa gani huu, utachukua muda gani, na nifanye nini?" — Mama, Mwanza*

Marahaba mama, na poleni nyote. Kwa jinsi ulivyoeleza, na hasa hao wenzake wawili wa dei-kea, karibu kila kitu kinaelekeza kwenye ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Unaletwa na virusi vya jamii ya enterovairasi, mara nyingi koksaki A16 au koksaki A6, na huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Hauna uhusiano wowote na ule ugonjwa wa midomo na miguu wa ng'ombe, ingawa majina yamekaribiana na wafugaji huko Kanda ya Ziwa huwa wanashtuka wakiusikia.

Kabla sijaendelea, kilimi kiacheni mahali pake. Mtoto akitokwa udenda na kukataa chakula, wazee wengi huangalia kooni, wakaona pamevimba na pamekuwa pekundu, wakasema kilimi kimeshuka. Kilichopo kooni ni vidonda vya kirusi ambavyo vitapona vyenyewe. Kukata kilimi kunaongeza kidonda kingine kinachovuja damu, kwa kifaa ambacho hujui kimekata wangapi kabla ya mwanao. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekatwa akiwa na ugonjwa huuhuu: alikuja amepauka, anameza damu, na vidonda vya ulimi viko palepale. Bibi mwambie kwa heshima kwamba daktari ameona tatizo, na haliko kwenye kilimi.

Kuna jambo moja ambalo sitaki usubiri hata nikimaliza kuandika. Mpeleke leo zahanati akapimwe malaria. Malaria haileti malengelenge viganjani, hilo ni kweli, lakini mtoto anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na Mwanza si mahali pa kuacha homa ya siku mbili bila kipimo. Ni tone la damu la kidoleni na majibu ndani ya nusu saa. Isipoonekana malaria, usikubali kupewa dawa ya malaria "kwa tahadhari". Ukiwa hapohapo, omba mhudumu amwangalie kinywa na ngozi ili athibitishe ninachokuambia, maana mimi nasoma maelezo tu, sijamshika mtoto.

Sasa jirani na dada. Surua huanza na kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha siku ya tatu au ya nne vipele vinatokea nyuma ya masikio na usoni, vinashuka kifuani. Ni vipele bapa vinavyoungana, si malengelenge yenye maji. Mwanao kama amepata sindano zote mbili za surua-rubela, ya miezi tisa na ya miezi kumi na nane, surua inakuwa mbali sana. Tetekuwanga nayo huanzia kifuani na mgongoni, inawasha, na viganja huviacha mara nyingi.

Dada hajakosea kuwaza Mpox, kwa sababu ni kweli hupenda viganja na nyayo, na tangu mwaka 2024 imekuwa ikizunguka nchi zetu hizi. Tofauti utaiona ukikaa na mtoto karibu na dirisha, kwenye mwanga wa mchana. Fungua kiganja chake. Lengelenge la ugonjwa huu ni dogo, mara nyingi kati ya punje ya mchele na punje ya harage, lina umbo la yai, na urefu wake hulala kufuata mistari ya kiganja. Juu lina rangi ya kijivu, pembeni pana wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi huo wekundu huonekana zaidi kama kahawia iliyokolea, kwa hiyo usiutegemee sana. Ukilipapasa kwa ncha ya kidole, ni jembamba na laini. Kipele cha Mpox kwa kawaida ni kikubwa zaidi, kigumu, kimezama ndani ya ngozi kama kimepandwa, baadaye kinajaa usaha na kuwa na kishimo katikati, na tezi za shingo au kinena huvimba. Tena huchukua wiki mbili hadi nne kupona. Ukiona vya namna hiyo, au kama kuna mtu nyumbani mwenye vipele kama hivyo, sema mapema ufikapo kituoni, kabla hujakaa kwenye benchi na watoto wengine.

Siku zitakavyokwenda, tukihesabu juzi kuwa siku ya kwanza: homa kwa kawaida hukaa siku mbili hadi tatu, kwa hiyo kesho au keshokutwa inatakiwa iwe imeshuka. Vidonda vya mdomoni huanza kama vidoa vyekundu, vinakuwa malengelenge, kisha vinapasuka na kubaki vidonda vyenye sakafu ya njano na duara jekundu. Maumivu yake yatapanda bado. Siku ya tatu hadi ya tano ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo unazoingia sasa. Nakuambia hivyo usije ukadhani kesho kutwa kwamba umekosea kitu, au ukakimbilia dawa mpya kwa sababu analia zaidi kuliko leo. Malengelenge yanaweza kuongezeka, yakatokea kwenye makalio, magoti na viwiko. Koksaki A6 huenda mbali zaidi: huzunguka mdomo kwa nje, na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi hujaa kwenye zile sehemu zake za kawaida. Inatisha kuiangalia, lakini hupona vilevile. Kuanzia siku ya sita au ya saba ataanza kuomba chakula mwenyewe, na ndani ya siku 7 hadi 10 mambo yote huwa yamekwisha.

Hakuna dawa inayoua kirusi hiki. Amoksilini ni ya bakteria, kwa hiyo hapa haitafanya kitu isipokuwa pengine kumharisha, na kuharisha ndicho kitu cha mwisho tunachokitaka kwa mtoto ambaye hanywi. Irudishe dukani au iache. Kama mhudumu wa zahanati atakuta sababu nyingine ya kuitoa, sikio kwa mfano, hilo ni jambo jingine. Ile dawa ya zambarau, jivii, imezoeleka mno kwetu kwa sababu husaidia utando mweupe wa fangasi. Hapa hakuna fangasi. Inawasha juu ya kidonda kibichi, na inapaka rangi kinywa kizima hata mhudumu ashindwe kuona kilichopo. Usipake. Usisugue vidonda kwa chumvi, limau wala kitambaa. Zile jeli za ganzi za fizi kwa wanaoota meno usimpake pia. Kwa watoto wadogo chini ya miaka miwili zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Na asipewe aspirini kabisa.

Kinachobaki ni maumivu na maji, na ndipo kazi yako yote ilipo. Wazazi wengi macho yao huwa kwenye viganja, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Nakumbuka mtoto mmoja aliyeletwa akiwa amefungwa bandeji mikono yote miwili, chini ya bandeji amepakwa krimu aina tatu, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameona kwamba pampasi ya alfajiri ilikuwa bado kavu saa nane mchana. Viganja havikuhitaji chochote. Alihitaji maji, na ilibidi tumwekee dripu. Watoto wanaolazwa kwa ugonjwa huu, wengi wao hulazwa kwa sababu hiyo: kumeza kunauma, mtoto anafunga mdomo, mwili unakauka.

Tuanze na maumivu, kwa kuwa bila kuyatuliza hutamnywesha. Parasetamoli huhesabiwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo. Kilo 12 mara 15 ni miligramu 180. Chupa nyingi za maji za watoto hapa kwetu zimeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, na kwa chupa hiyo dozi ya mwanao ni mililita 7.5. Soma lebo kwanza, maana zipo chupa zenye miligramu 250 katika mililita 5, na kwa hizo mililita 7.5 zitakuwa dozi mara mbili. Kwake itakuwa mililita 3.5 tu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa. Kijiko cha chai cha nyumbani hakiaminiki. Mpe kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku nzima, na hakikisha hakuna dawa ya mafua unayompa ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Ibuprofeni isubiri hadi mtoto aonwe: siipendi kwa mtoto ambaye huenda amekauka, kwa sababu inaweza kuumiza figo.

Sasa panga siku kufuata dawa. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Siku hizi tatu mbaya mpe kwa ratiba, hata kama mwili si wa moto, kwa sababu unatibu kinywa, si themometa. Kisha usimpe chochote kwa nusu saa. Dawa ikishaanza kufanya kazi unapata dirisha la saa mbili tatu ambalo kinywa kimetulia, na hapo ndipo unywesheaji wote unafanyika. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mama kujaribu uji kwanza, mtoto anagoma na kulia, halafu ndipo dawa inatolewa, na dawa inapoanza kufanya kazi mtoto ameshachoka na kulala.

Mtoto wa kilo 12 anahitaji takriban lita moja ya vinywaji kwa siku, ukijumlisha maziwa, uji mwepesi na kila kitu cha majimaji. Lita moja inasikika nyingi kwa mtoto aliyefunga mdomo. Usimpe kikombe. Chukua lile bomba la sindano, vuta mililita 5, mwekee polepole ndani ya shavu, si katikati ya ulimi penye vidonda na si moja kwa moja kooni, akiwa amekaa. Subiri dakika mbili, rudia. Mililita 5 kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa. Ukifanya hivyo kwa muda wa saa mbili baada ya kila dozi ya mchana, mara tatu, ni mililita 900, na bado hujahesabu anachonyonya usiku kama bado ananyonya. Inachosha, najua, hasa ukiwa na mimba ya miezi mitano. Mpe baba zamu, au shangazi. Hakuna ufundi wowote hapo, ni uvumilivu tu.

Anywe nini? Kitu chochote cha baridi kisicho kichachu wala cha moto. Maziwa ya baridi, maji, uji mwepesi uliopoa kabisa, madafu. Barafu ya maziwa ya kugandisha nyumbani inafanya maajabu, kwa sababu baridi yenyewe ni ganzi. Mtoto aliyegoma bakuli lolote huilamba barafu hiyo akiwa analia. Juisi ya machungwa, pesheni, ubuyu, ukwaju na nyanya vitamchoma na atakumbuka, kisha atakataa hata maziwa. Kama anakojoa kidogo, tumia ORS: pakiti nzima katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa nyingi ni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na imwagwe baada ya saa 24. Usigawe pakiti ili ichanganywe kwenye kikombe kimoja kwa kukadiria, maana chumvi ikizidi inageuka madhara. Ananyonya? Aendelee. Watoto wengine huachia titi kwa maumivu. Kamua umpe kwa kijiko.

Chakula kigumu kisikutie hofu. Mtoto mwenye afya akikaa siku nne bila ugali hana shida ili mradi anakunywa. Akitaka, mpe ndizi mbivu iliyopondwa, parachichi, viazi vilivyopondwa na maziwa, vyote vikiwa vimepoa.

Kipimo chako cha ushindi ni pampasi. Kila baada ya saa sita lazima iwe imelowa. Zikipita saa nane bila mkojo, au analia bila machozi, midomo na ulimi ni mikavu ilhali jana udenda ulikuwa unamiminika, macho yameingia ndani, au amelegea hata ukimnywesha haamki vizuri, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Atawekewa maji kwa dripu au kwa mpira mwembamba wa puani, na kwa kawaida hurudi kuwa yeye ndani ya siku moja.

Malengelenge yaache. Usiyatoboe, maji yake yana virusi na ngozi ya juu ndiyo plasta. Aoge kama kawaida, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Kama anapata shida kukanyaga, soksi laini inatosha. Lengelenge likianza kutoa usaha na ngozi ya pembeni ikawa ya moto na kuvimba, hapo bakteria wameingia na ndipo antibiotiki inapopata kazi.

Nakuja kwenye upande ambao ni nadra, lakini sitaki uujue kwa kuchelewa. Katika jamii ya virusi hivi kuna mmoja, enterovairasi A71, ambaye mara chache huingia kwenye shina la ubongo. Taiwan mwaka 1998 walipata mlipuko wake mkubwa: wagonjwa waliripotiwa zaidi ya 129,000, walioumwa sana walikuwa 405, na 78 walifariki, wengi wakiwa watoto wadogo. Ukiangalia hizo namba utaona kwamba hata kirusi kibaya kuliko wenzake huwaacha walio wengi sana wapone. Ila wale wanaoharibikiwa huharibikiwa haraka, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya tano, na dalili zake hazitoki kwenye ngozi. Mtoto mwenye malengelenge mia moja anayecheza yuko salama kuliko mwenye matano aliyelegea.

Dalili ambayo wazazi hawaijui ni kushtuka. Mtoto anaposinzia, mikono na miguu inaruka ghafla kama aliyeota anaanguka, kisha anafumbua macho. Mara moja moja kila mtoto hufanya hivyo, na hata wewe. Ikiwa inajirudia kila dakika chache, au inatokea akiwa macho, mpeleke hospitali. Ukiweza mrekodi kwa simu, kwa sababu akifika kwa daktari huwa ametulia na hakuna anayekuamini. Vilevile akitetemeka, akiyumba anapotembea wakati juzi alikuwa anakimbia, akitapika mfululizo, akipumua mbio, akiwa na jasho na mikono ya baridi ilhali kifua ni cha moto, shingo ikikaza, au akiwa mtu wa kusinzia tu. Hospitali yenye daktari na oksijeni, si duka la dawa. Homa ya 39 na kuendelea inayovuka siku tatu nayo iangaliwe upya. Na ikifika siku ya tano, macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka na mikono ikavimba, daktari awaze ugonjwa mwingine unaoitwa Kawasaki, ambao unaathiri mishipa ya moyo na una tiba yake.

Akipata degedege, mlaze kwa ubavu sakafuni, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, na mpeleke hospitali hata kama limeisha lenyewe.

Kuhusu nyumba yako na mimba yako. Virusi hutoka kwa mate, kamasi, maji ya malengelenge na choo. Kwenye mate hupungua baada ya wiki moja au zaidi kidogo, lakini kwenye choo huendelea kutoka kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Ndiyo maana pampasi ndiyo hatari kubwa kuliko busu. Osha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kila baada ya kumsafisha. Sanitaiza usiitegemee hapa: virusi hivi havina lile ganda la mafuta ambalo spiriti hulivunja, kwa hiyo spiriti haiviui vizuri. Vitu vya kuchezea na sakafu anapotambaa futa kwa klorini. Jik ya asilimia 3.5 weka mililita 30, sawa na vijiko viwili vya chakula, katika lita moja ya maji, acha dakika kumi, kisha suuza vile anavyoweka mdomoni. Changanya upya kila siku.

Wewe mwenyewe kama mtu mzima huenda ulishakutana na virusi hivi ukiwa mdogo, na wengi wetu huvipata bila hata kujua. Wajawazito wengi hawapati shida yoyote, au hupata koo kuuma na homa ndogo, na hakuna ushahidi wa wazi kwamba mtoto wa tumboni huharibika kwa sababu yake. Ninachokiangalia zaidi ni wiki za mwisho, kwa sababu mama mwenye kirusi wakati wa kujifungua anaweza kumpa mtoto mchanga, na wachanga wachache huumwa sana. Wewe uko mbali na huko. Taja tu jambo hili kliniki siku yako ikifika, na ukipata homa kabla ya hapo usiseme "ni kile cha mtoto", kapime malaria siku hiyohiyo. Kama kuna mtoto mwingine nyumbani, dalili zikitaka kumtokea zitaanza siku tatu hadi sita baada ya kuambukizwa, kwa hiyo usishangae wiki ijayo.

Dei-kea arudi lini? Homa iwe imeisha saa 24 bila parasetamoli, udenda umekauka, anakula, na malengelenge yamekauka. Kumzuia mpaka virusi viishe kwenye choo haiwezekani, ingekuwa mwezi mzima na wenzake wote nao. Waambie dei-kea mapema, wasione aibu kuwaambia wazazi wengine, na waangalie zaidi sabuni ya mahali wanapobadilishia pampasi. Anaweza kuupata tena siku nyingine, kwa kuwa kinga anayoijenga sasa ni ya aina hii tu ya kirusi na aina ni nyingi. China wana chanjo ya A71 tangu 2016. Kwenye ratiba yetu haimo, na isingezuia koksaki hata ingekuwapo.

Mwisho, usishtuke kitakachotokea baadaye. Wiki moja au mbili baada ya kupona, ngozi ya viganja na nyayo inaweza kuchubuka, na madoa meusi yakabaki kwa wiki kadhaa kabla hayajafutika. Kisha, kati ya mwezi mmoja na miwili, kucha moja au kadhaa zinaweza kuonekana na mstari uliokatiza, zikaanza kuinuka kutoka chini na kudondoka, hasa kama kirusi ni koksaki A6. Wazazi huja wakidhani ni fangasi au ukosefu wa madini. Ukucha ulisimama kukua siku zile za ugonjwa, na ule mpya uko chini unausukuma wa zamani. Usiuvute. Kata kipande kinachokwaruza nguo, mengine yaache yadondoke yenyewe.